Gemu lililokwisha kutoka, na simu inayoamua badala yako

"Kaka, gemu letu lina miaka mitatu Play Store na halina shida. Kuna sababu gani ya kulifungua upya ili tu niweke hali ya mchezo na hizo dokezo za utendaji? Si kujitafutia kazi huko?"

Hali ya mchezo ni pale mchezaji anapochagua kwenye simu kama gemu likimbie au liokoe betri; dokezo za utendaji ni gemu kuiambia simu kazi ya kila fremu inachukua muda gani. Wanaosema liachwe wana hoja nzito, na nzito kuliko wapenzi wa vipengele hivi wanavyopenda kukubali. Ugumu hauko kwenye vipengele vyenyewe, uko mlangoni. Tangu tarehe 31 Agosti 2025, sasisho lolote linalopelekwa Play Store linatakiwa kulenga Android 15, yaani API 35. Tangu tarehe 1 Novemba 2025, sasisho la namna hiyo linatakiwa pia liweze kufanya kazi kwenye simu zenye kurasa za kumbukumbu za KB 16. Kwa gemu, hilo sharti la pili ndilo linalouma, kwa sababu mafaili ya `.so` yaliyojengwa kwa injini ya miaka mitatu iliyopita mara nyingi hayako tayari. Utalazimika kupandisha injini, na ukipandisha injini, taa, vivuli na sauti vyote vinataka kupimwa upya. Ulikuja kuongeza mistari kumi, ukaondoka na kazi ya wiki kadhaa. Na mwisho wa yote, mchezaji mwenye Android 10 hataona tofauti yoyote, maana hali ya mchezo ilianza na Android 12, tena kwenye simu chache tu. Imeenea rasmi kuanzia Android 13.

Kama ningekuwa na watu wawili tu na gemu jipya mezani, ningesita pia.

Lakini hoja hiyo imejengwa juu ya jambo moja lisilo kweli: kwamba usipogusa kitu, gemu lako linabaki kama ulivyoliacha. Kuanzia Android 12, mtengenezaji wa simu anaweza kuweka maingilio yake juu ya gemu ambalo halijajieleza. Mchezaji akichagua hali ya kuokoa betri, mfumo unauliza kama gemu linaijua hali hiyo. Kama haliijui, na mtengenezaji ameliwekea mpango, mfumo unafanya wenyewe: unapunguza ukubwa wa picha, na kuanzia Android 13 unaweza pia kuzuia idadi ya fremu kwa sekunde. Utaratibu huu ulikusudiwa hasa magemu ambayo wenyewe hawayasasishi tena. Lako, kwa maelezo yako, ni mojawapo.

Tutazame kwa karibu. Chukua gemu la mbio za pikipiki kwenye simu yenye skrini ya 720 kwa 1600. Mfumo ukilipunguza kwa kipimo cha 0.7, gemu linachora 504 kwa 1120, kisha picha inatanuliwa kujaza skrini. Pikseli zinashuka kutoka 1,152,000 hadi 564,480, chini kidogo ya nusu. Kwa chipu ya picha ni nafuu kubwa. Ila mfumo haujui kipi ni barabara na kipi ni maandishi. Unapunguza dirisha zima. Vumbi na majani ya pembeni hayaoneshi kasoro, lakini kitufe cha "Nunua", tarakimu za mafuta na jina la mchezaji vinapata ukungu. Wewe mwenye msimbo ungepunguza barabara peke yake, maandishi ukayaacha makali. Mfumo hauna uwezo huo, na hautakuwa nao.

Kuzuia fremu kunaweza kuleta balaa zaidi. Magemu mengi madogo yameandikwa kwa dhana kwamba kila fremu ni hatua moja ya mwendo. Ukilishusha gemu la namna hiyo kutoka fremu 60 hadi 30, pikipiki inakwenda nusu ya kasi yake. Mchezaji anaandika "gemu limekuwa zito", nyota moja, na wewe unapekua msimbo wako usione kosa, kwa sababu hujabadilisha kitu. Ukiwa na simu ya Android 13 au zaidi, usibahatishe; ichomeke kwenye kompyuta, uone gemu lako linatambulika kuwa na hali zipi, halafu ulitie kwenye hali ya betri ulitazame kwa macho:

```
adb shell cmd game list-modes tz.mfano.boda
adb shell cmd game mode battery tz.mfano.boda
```

Ndiyo maana nasema hali ya kuokoa betri ndiyo yenye thamani hapa, ingawa watu wakisikia hali ya mchezo akili zinakimbilia kwenye kasi. Fikiria mchezaji aliyeketi kwenye daladala jioni, chaji asilimia 20. Fremu 60 hazimsaidii kitu. Anachotaka ni simu ifike nyumbani ikiwa hai, kwa sababu nauli ya kesho na hela ya mboga viko humo humo kwenye simu. Gemu likimmalizia chaji mara mbili, analifuta. Kushusha fremu kwa nusu hakupunguzi ulaji wa betri kwa nusu, skrini na mtandao vinaendelea kula kama kawaida, lakini ni punguzo ambalo gemu linaweza kulitoa bila kuharibu sura yake.

Kazi yenyewe ni fupi. Katika manifesti gemu litambulishwe kwa `android:appCategory="game"`, kisha kiongezwe kiungo cha `android.game_mode_config` kinachoelekeza kwenye faili dogo la XML:

```xml
<game-mode-config
    xmlns:android="http://schemas.android.com/apk/res/android"
    android:supportsBatteryGameMode="true"
    android:supportsPerformanceGameMode="false" />
```

Halafu hali isomwe kila gemu linaporudi mbele, ndani ya `onResume`, maana mchezaji huibadilisha akiwa nje ya gemu, kwenye paneli ya simu:

```kotlin
if (Build.VERSION.SDK_INT >= 31) {
    val gm = getSystemService(GameManager::class.java)
    val betri = gm?.gameMode == GameManager.GAME_MODE_BATTERY
    wekaFremu(if (betri) 30 else 60)
}
```

Hapa nina onyo moja. Ukishaandika `supportsBatteryGameMode="true"`, mfumo unajiondoa: maingilio ya mtengenezaji katika hali hiyo yanazimwa, kwa kuwa umesema utashughulika mwenyewe. Ukitangaza na usifanye kitu, mchezaji amepoteza hata ule uokoaji wenye ukungu aliokuwa nao. Kutangaza nusu nusu ni kubaya kuliko kunyamaza, na kwa hilo wale wanaosema liachwe wako sahihi kabisa.

Dokezo za utendaji ni habari nyingine, na hapa upole unahitajika zaidi. Kwa kawaida simu hukisia: inaona kazi imeongezeka, inapandisha kasi ya prosesa, na mara nyingi inachelewa kwa fremu kadhaa, ndipo unapoona picha inakwama pale pikipiki tano zinapoingia kona moja. `PerformanceHintManager`, iliyoanza Android 12 kwa Java na Android 13 kwa msimbo wa C, inaondoa kukisia huko. Unataja nyuzi zinazofanya kazi ya fremu, unataja muda unaotaka kazi hiyo ichukue, na kila fremu unaripoti imechukua muda gani kweli. Ukizidi lengo, mfumo unaongeza nguvu. Ukiwa chini yake, mfumo unaweza kuzipunguza. Wengi hawalijui hilo la pili: dokezo hizi zinaweza pia kuishusha prosesa iliyokuwa inakimbia bure.

Kosa linaloharibu kila kitu ni kupima mahali pasipo sahihi. Gemu la fremu 60 lina milisekunde 16.6 kwa kila fremu. Tuseme kazi halisi inachukua 7, kisha uzi unalala 9.6 ukisubiri zamu ya skrini. Mtu anaanza saa mwanzo wa fremu na kuisimamisha baada ya `eglSwapBuffers`, na kuripoti 16.6. Lengo aliloweka ni 13. Mfumo unaona amechelewa, unapandisha prosesa. Sasa kazi inaisha kwa 5, usingizi unarefuka hadi 11.6, na ripoti inabaki 16.6 ile ile. Mfumo unapandisha tena. Hakuna kasi itakayoiridhisha ripoti hiyo, kwa sababu kinachopimwa ni skrini. Simu inachemka hadi inajipunguza yenyewe, na gemu lililokuwa likienda vizuri linaanza kukwama baada ya dakika kadhaa, palipokuwa hapakwami.

Dalili yake haijifichi. Andika ripoti zako kwenye logi: zikibaki karibu 16.6 kwenye menyu tulivu na kwenye kona yenye pikipiki tano vilevile, unapima usingizi. Fungua Perfetto uone mstari wa kasi ya prosesa. Ukiwa juu muda wote hata mchezaji akiwa anachagua rangi ya helmeti, jibu unalo. Dawa ni kusimamisha saa kabla ya kusubiri, na kuripoti 7 kama ni 7.

Kuna mahali pia ambapo vipengele hivi viwili vinagongana. Mchezaji anaingia hali ya betri, unashusha fremu hadi 30, lakini kikao cha dokezo bado kina lengo la milisekunde 13. Sasa una milisekunde 33.3 za nafasi, na simu inaendelea kusukumwa imalize kwa 13. Picha imepungua, betri inaliwa. Kwa hiyo ndani ya `wekaFremu` hiyo hiyo, palipobadilika fremu, `updateTargetWorkDuration` iitwe hapo hapo. Angalia na nyuzi: injini ikizifunga na kuziunda upya gemu linapotoka na kurudi, namba ulizotoa mwanzo zimekufa, na dawa rahisi ni kukifunga kikao na kukifungua upya.

Sasa ule mzigo wa mlangoni. Nisingelifungua gemu kwa ajili ya haya peke yake. Ila Play haionyeshi tena, kwa wachezaji wapya wenye simu za Android mpya, programu iliyobaki nyuma sana katika toleo inalolenga. Gemu la miaka mitatu litafunguliwa tu, kama si mwaka huu basi mwakani, na siku hiyo wiki za injini utakuwa umezilipa tayari. Katika sasisho hilo weka hali ya betri peke yake, utoe kwa asilimia 10 ya wachezaji kwanza, na utazame vipindi vya mwendo mdogo katika Play Console. Kipimo cha fremu 30 pale kinahesabu fremu iliyopita milisekunde 34 kuwa imechelewa. Ukijizuia kwenye 33.3 unakuwa umekaa ukingoni mwake, usishtuke kiasi hicho kikipanda kidogo.

Dokezo ziende kwenye sasisho linalofuata, baada ya Perfetto kukuonyesha kwamba ripoti zinapanda na kushuka pamoja na kazi. Na `createHintSession` ikirudisha `null`, kama inavyofanya kwenye simu ambazo mtengenezaji hakuweka uwezo huo, gemu liendelee kama lilivyokuwa jana, bila ujumbe wowote kwa mchezaji.