Usitaje bei kabla hujafungua ukurasa wa katikati

Jumanne moja mchana meneja wa kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara alinipigia simu. Alikuwa na mwongozo wa usalama kazini wa Kiingereza, ulikuja pamoja na mashine mpya, na alitaka wafanyakazi wake wausome kwa Kiswahili. Swali lake la kwanza ndilo tunaloulizwa watafsiri wote: "Dada, neno moja shilingi ngapi?"

Nilimjibu kwamba sijui mpaka nilione faili. Wapo watafsiri wenzangu wanaoona jibu la namna hiyo linafukuza wateja. Mimi naamini bei ya neno inayotajwa kabla ya kufungua faili ni ya kubahatisha, na hasara yake huwa inamwangukia mtafsiri. Mwaka fulani nilikubali kazi ya maneno 5,000 kwa shilingi 40 kila neno kwa sababu ukurasa wa kwanza ulikuwa barua ya kuwakaribisha wageni. Ndani kulikuwa na majedwali ya vipimo vya udongo na masharti ya kurudisha ardhi baada ya uchimbaji. Ilinichukua saa 31. Shilingi 200,000 ukizigawa kwa saa hizo, hazifiki 6,500 kwa saa.

Siku hizi naanza na saa. Saa yangu moja ya kazi naihesabu shilingi 20,000. Wewe weka yako kulingana na kodi ya nyumba, bando, umeme na mahitaji ya nyumbani kwako. Bei ya neno inatokana na saa hiyo.

Faili la kiwanda lilipofika, Word ilionyesha maneno 6,240. Hapo watu wengi huishia. Lakini mwongozo wa mashine umejaa michoro, na maneno yaliyomo ndani ya picha Word haiyaoni kabisa. Yale ya kwenye visanduku huyahesabu pale tu unapoweka alama kwenye `Include textboxes, footnotes and endnotes`. Nilihesabu ya kwenye picha kwa mkono nikapata 460, jumla 6,700. Na nahesabu matini chanzi, kamwe si matini lengwa. "They will not tell us" ni maneno matano. Kwa Kiswahili ni "hawatatuambia", neno moja. Ukikubali kulipwa kwa maneno ya Kiswahili, kila kitenzi kinakupunja, tena mteja hatajua atalipa ngapi mpaka kazi iishe.

Kisha ugumu. Ukurasa wa kwanza siutumii kupima chochote. Nachukua maneno 250 ya katikati, kutoka kila sehemu inayoonekana tofauti, nayatafsiri kikamilifu huku nikiangalia saa, na kupigia mstari kila istilahi inayonilazimu kusimama. Sehemu ya usafi, glovu na barakoa ilikuwa na mistari mitatu tu. Kwa mwendo ule ningemaliza maneno 400 kwa saa. Sehemu ya boila na ya mafuta ya ganda la korosho, yale yanayobabua ngozi, ilikuwa na mistari 14, na mwendo ukashuka hadi maneno 200.

Kiingereza chenyewe cha sehemu ile hakikuwa kigumu. Kilichonichelewesha ni maamuzi. Kulikuwa na valvu inayofunguka yenyewe mvuke ukizidi. Kwanza niliandika "valvu ya usalama", nikaridhika, halafu nikampigia fundi mmoja wa Chikongola anayezifunga. Akaniambia, "Ukimwambia kijana hiyo ni ya usalama, ataona pale pako salama atasogea. Sema valvu ya kutoa presha, ajue kuna kitu kitatoka." Simu ile ilikuwa ya dakika 20 kwa istilahi moja. Mteja anaona maneno manne kwenye karatasi. Sisi tukiyauza kwa bei ya "nawa mikono kabla ya kuingia", maana yake hiyo simu hatutaipiga, na atakayeumia ni yule kijana.

Hesabu ikawa hivi. Saa ya shilingi 20,000 ukiigawa kwa maneno 400 ni shilingi 50 kwa neno, ukiigawa kwa 200 ni shilingi 100. Maneno 4,200 mepesi kwa shilingi 50 ni 210,000. Maneno 2,500 magumu kwa shilingi 100 ni 250,000. Kusoma upya yote, saa nne, ni 80,000. Jumla 540,000, na muda wake ni saa 27. Kwa uzoefu wangu saa sita kwa siku ndizo za kutafsiri kwa akili timamu, zikizidi hapo naanza kuruka maneno. Kwa hiyo siku tano za kazi.

Meneja alitaka Ijumaa asubuhi. Zamani ningeongeza asilimia fulani juu ya kazi nzima na kukesha. Safari hii nilimuuliza: Ijumaa kuna nini? Kumbe wakaguzi walikuwa wanakuja, na walichotaka kukiona kimebandikwa ni maelekezo ya boila na ya mafuta, yaani yale maneno 2,500. Mengine yangeweza kungoja wiki inayofuata. Nikaweka nyongeza ya haraka ya asilimia 30 kwenye sehemu hiyo peke yake, 75,000, kwa kuwa kazi ya mteja mwingine ingebidi niisogeze. Jumla 615,000.

Kotesheni niliipanga mistari minne: nyepesi, ngumu, kusoma upya, haraka. Wapo wanaopenda kumpa mteja namba moja ili asichokonoe. Mimi nataka achokonoe, kwa sababu akiomba punguzo tunazungumzia kazi yenyewe. Na aliomba kweli. "Dada yangu, nifanyie laki tano." Nikamwambia, "Kaka, tuangalie pamoja kipi tutoe." Kusoma upya nilikataa kukigusa, hasa kwa maandishi ya mvuke na kemikali. Haraka aliihitaji mwenyewe. Tukakuta kurasa za historia ya kampuni iliyotengeneza mashine, maneno 700 mepesi, ambazo mbanguaji hana haja nazo. Zikatoka na 35,000 zake. Tukakubaliana 580,000, nusu kwanza, na bei ya neno langu haikushuka hata senti.

Jambo moja la kampuni linalowashtua wanaoanza: unapolipwa na kampuni kwa huduma ya namna hii, hukata kodi ya zuio asilimia 5. Kwenye 580,000 ni 29,000, mkononi unabaki na 551,000. Hela hiyo haijapotea. Dai cheti cha zuio ukitunze, kwa maana TRA huihesabu katika kodi yako ya mwaka. Usije ukadhani mhasibu amekupunja ukagombana na mteja mzuri.

Sehemu ya boila niliituma Alhamisi jioni. Jumatatu meneja akaandika kwamba kuna "ukurasa mmoja tu umesahaulika, malizia humohumo". Nikaufungua: maneno 380 ya kuzima umeme wa mashine kabla ya kuifungua, magumu kuliko yote. Chini ya kotesheni nilikuwa nimeandika kwamba bei ni ya faili lile la maneno 6,000 yaliyobaki, na kitakachoongezwa kitapimwa kwa bei zilezile mbili. Nilimtumia mstari huo pamoja na 38,000. Akajibu, "Sawa dada, endelea."