Sola au jenereta dukani: anza na friji

Umeme ukikatika mara kwa mara, mwenye duka huanza kuuliza bei: sola shilingi ngapi, jenereta shilingi ngapi. Mimi ningeanza na friji. Duka lisilo na friji halihitaji mjadala mrefu, kwa sababu balbu tatu za sola, redio na chaji ya simu hutumia wati 20 hivi, na seti ndogo ya nyumbani inavimudu hadi muda wa kufunga. Kwenda kuwasha injini ya petroli kwa ajili ya balbu tatu ni kuchoma pesa.

Friji ndiyo inayoleta utata. Chukua duka la Mbagala ambalo umeme hukatika saa kumi na moja jioni na kurudi saa tatu usiku. Friji ya soda ya wati 150, ambayo kompresa yake hufanya kazi nusu ya muda, itatumia wati-saa 300 kwa saa hizo nne. Ongeza taa na umeme unaopotelea kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha friji, unafika kama 450. Betri ya kawaida ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukiizoesha kushuka chini ya nusu itakufa mapema. Kwa hiyo una 600 za kutumia. Zinatosha, ila si kwa inveta ya wati 300: kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na inveta ndogo hulia kisha ikazima. Nunua ya wati 1,000.

Jenereta nayo, ikinywa nusu lita kwa saa, itamaliza lita mbili jioni moja. Petroli ikiwa shilingi 3,000, hizo ni 6,000. Kama soda moja inakuachia faida ya 150, soda 40 za kwanza umemuuzia mwenye kituo cha mafuta. Tena vile vijenereta vya wati 650 vya kuchanganya petroli na oili mara nyingi huzimika friji inapoanza.

Lakini jenereta haijali wingu wala urefu wa giza. Katika mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, betri ya saa nne isingemfikisha mtu jioni. Na paneli ya wati 100 hurudisha kama wati-saa 400 siku ya jua kali. Masika hupungua sana.

Hapo wauzaji wa sola husahau kusema jambo moja: duka lenye mita linaweza kuchaji betri kwa umeme wenyewe ukirudi. Kwa mkatiko wa saa tatu au nne ningenunua betri, inveta na chaja kwanza, paneli baadaye. Jenereta ningeiacha kwa anayeuza samaki au nyama ya kugandisha na kukosa umeme kutwa nzima, na ana uwanja wa kuiweka nje, mbali na madirisha, maana moshi wake ndani ya chumba unaua bila kukohoza.