Rafiki ndani ya chumba kimoja: haki ya mwenye nyumba inaishia wapi?

"Nimepanga chumba Chikongola, Mtwara, elfu hamsini kwa mwezi, na nimelipa miezi sita. Nilimwomba mwenye nyumba nimpangishe rafiki yangu upande mmoja anipe nusu ya kodi. Amekataa. Ana haki hiyo?"

Kukataa si kosa, ila inategemea amekataa kwa sababu gani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji apate kibali cha maandishi kabla ya kumpangisha mtu mwingine, hata kama ni sehemu tu ya alichopanga. Sheria hiyo hiyo inasema kibali hicho kisizuiwe bila sababu ya msingi.

Na sababu za msingi zipo. Katika nyumba ya vyumba sita yenye choo kimoja na mita moja ya LUKU, kichwa kinachoongezeka kinawagusa wote. Umeme unachangwa kwa chumba, kwa hiyo jirani anayeishi peke yake atalipa sawa na ninyi wawili, na ugomvi utaanzia hapo. Kubwa zaidi ni siku utakapohama. Rafiki anayekulipa wewe anaweza kugoma kutoka akidai kodi yake haijaisha, na mwenye nyumba hana mkataba wowote naye. Hofu hiyo naiona ya haki kabisa.

Lakini mpangaji naye ana hoja. Kodi imelipwa kwa chumba, haikuhesabiwa kwa vichwa. Kutoa laki tatu kwa mkupuo ni mzigo mzito kwa kijana anayeanza kazi, na elfu ishirini na tano za rafiki kila mwezi zinamrudishia nusu yake. Mwenye nyumba akijibu "sitaki tu", au akakubali kwa sharti la kuongezewa kodi katikati ya miezi iliyokwishalipwa, hapo mimi nasimama na mpangaji. Kuongeza mchango wa maji na umeme ni sawa. Kodi yenyewe isubiri mkataba mpya.

Kwa chumba kimoja, neno kupangisha ndilo lililoharibu ombi. Chumba hakina ukuta katikati, na wewe bado unalala humo humo. Unachotaka hasa ni mtu wa kuishi naye. Rudi kwa mwenye nyumba na ombi hilo, ukiwa na karatasi yenye majina yenu wawili: wewe unabaki mpangaji na mdaiwa wa kodi yote, umeme na maji mtachangia kama watu wawili, na mkataba wako ukiisha mnatoka wote. Mpeleke rafiki aonekane, mjumbe wa mtaa naye amfahamu.

Kama mkataba wako umeandika kwamba chumba ni cha mtu mmoja, nafasi yako ni finyu. Akikataa tena, usimwingize rafiki kimyakimya, maana kuvunja sharti la mkataba kunampa sababu ya kukutoa. Subiri miezi sita iishe, kisha mtafute chumba na sebule mkiandikishwa wote wawili tangu siku ya kwanza.