Aya Moja Iliyoniletea Mchango wa Harusi

Siku niliyopokea shilingi 50,000 kutoka kwa mwekezaji wetu wa kwanza, simu ilinitetemekea mfukoni nikiwa nimesimama juu ya Fuso, nahesabu kreti. Nilisoma ujumbe wa muamala mara mbili, nikidhani macho yamekula sifuri kadhaa. Kabla sijashuka ukaingia ujumbe wa pili, wenye jina la mzee yuleyule: "Hongereni sana vijana. Pokeeni mchango wangu mdogo. Nasikitika sitaweza kuhudhuria, ila nawaombea ndoa yenye amani."

Mimi nina mke na watoto wawili. Mwenzangu katika biashara hii ni shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu, na ana masharubu.

Sisi tunakodisha kreti za plastiki kwa wafanyabiashara wa nyanya wanaotoa mzigo Ilula, mkoani Iringa, na kuushusha katika soko la Ilala, Dar es Salaam. Andiko letu la kuombea mtaji lilikuwa na kurasa 9, picha ya Mlima Kitonga wakati wa machweo, na sura nzima juu ya historia ya zao la nyanya. Tulimpelekea mzee mmoja aliyestaafu usafirishaji wa mizigo, ambaye sasa huweka fedha zake katika kampuni changa. Msaidizi wake alitujibu kwa adabu kwamba mzee hafungui viambatisho; tumwandikie aya moja moja kwa moja kwenye simu yake, yenye tatizo, hatua tuliyofikia na tunachoomba.

Tulikaa usiku kucha kupunguza kurasa 9 ziwe aya moja, na kosa letu lilianzia hapo. Karibu kila tulipokutana na namba tuliikata, kwa sababu namba inahitaji maelezo na maelezo yanakula nafasi. Kila tulipokutana na heshima tuliiacha, kwa sababu nani anakata heshima mbele ya mzee? Alfajiri ikabaki sentensi moja tu iliyogusa kazi yetu, ile ya kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Shemeji akasema hiyo kila mtu anaijua tangu darasa la nne. Tukaikata nayo. Mzee akapokea hivi:

"Shikamoo mzee. Kwa unyenyekevu mkubwa, mimi na mwenzangu tumeamua kuunganisha nguvu na kuianza safari mpya, ambayo tunaamini kwa baraka zako itafika mbali. Changamoto hazikosekani, ila tayari watu zaidi ya 3,000 wametuunga mkono. Tunakuomba utushike mkono kwa hali na mali, kwa kadiri Mwenyezi Mungu atakavyokujaalia, ili jambo letu lifanikiwe."

Ukiisoma leo, unasikia tarumbeta. Usiku ule tuliiona imekamilika, hata tukapongezana.

Nilimpelekea shangazi yangu mkasa huo nikitaka anihurumie. Shangazi ameuza nyanya Ilala kwa miaka mingi, tena amekuwa mweka hazina wa kamati za harusi nyingi kuliko anazoweza kukumbuka. Alicheka mpaka akaomba maji. Alipopata pumzi akaichukua simu yangu, akaisoma aya ile polepole, kisha akasema jambo ambalo liliniuma kuliko kicheko chake: "Mwanangu, hata harusi hamjaiombea vizuri. Kadi ya harusi inaandika singo elfu hamsini, dabo laki moja, na tarehe ya mwisho ya kulipa. Wewe umeandika kadiri utakavyojaaliwa. Mtu mwenye fedha ukimwambia hivyo anakupa kiasi kisichomuuma."

Tuliketi kwenye matenga yake mawili tupu, mimi na kalamu, yeye na kisu cha kuchambulia nyanya, tukaanza upya. Alianza na tatizo, na hakunikubalia neno "changamoto". Alitaka kujua ni tatizo la nani, na linamtoa shilingi ngapi. Nikaanza kumweleza upotevu wa mazao baada ya mavuno barani Afrika. Akanikatiza akauliza kama nyanya za bara zima zinashushwa mbele ya meza yake.

"Andika habari zangu," alisema. "Nikipakia matenga 20 Ilula, nikifika hapa mawili ni ya kumwaga. Tenga ni elfu arobaini. Nimetupa elfu themanini, na dereva bado anadai yake."

Sababu anaijua kila aliyewahi kufungua tenga la mbao: hujazwa mpaka juu, hupangwa moja juu ya jingine, na uzito wote huzilalia nyanya za chini kwa zaidi ya kilomita 400. Kreti ya plastiki hukalia kingo za mwenzake, kwa hiyo mzigo hubebwa na kreti wala si na nyanya. Matenga yake 20 yanaingia katika kreti 40 hivi, nasi tunamtoza shilingi 1,500 kila kreti kwa safari, jumla 60,000. Analipa 60,000 ili asipoteze 80,000. Katika kurasa zote 9 hesabu hiyo haikuwamo, kwa kuwa mimi na shemeji tuliiona ya kawaida mno kumwandikia mwekezaji.

Ikaja sehemu ya hatua tuliyofikia, ambayo nilidhani ndiyo fahari yetu.

"Hawa 3,000 ni akina nani?" aliuliza shangazi.

Nilimweleza kwamba ni watu waliomo katika makundi ya simu tulikotuma tangazo letu, ukijumlisha na vipeperushi tulivyogawa stendi.

"Mimi nimo kwenye hayo makundi?"

"Umo, shangazi."

"Katika mangapi?"

"Manne."

"Kwa hiyo mimi peke yangu ni watu wanne," alisema, akaendelea kuchambua nyanya.

Nililifungua daftari la ukodishaji kwa aibu. Mwezi uliopita walikuwa wamelipa wafanyabiashara 31. Kutoka 3,000 hadi 31 niliona kama nimevuliwa nguo sokoni, lakini shangazi alitulia, akauliza ni wangapi kati ya hao waliokodi pia miezi miwili ya nyuma yake. Tulihesabu kwa vidole: 22. Hapo akaweka kisu chini. Alisema mtu wa Ilala anaweza kujaribu chochote mara moja, hata uchawi, ila harudii kulipa kitu kisichomrudishia fedha.

Shemeji, aliyekuwa amefika akiwa bado anasalimiwa sokoni kama bwana harusi, alitaka tuandike kwamba ukodishaji wa kreti umepanda kutoka mara 520 hadi 1,900 kwa mwezi katika nusu mwaka. Namba hizo ni za kweli na zinapendeza. Shangazi alizikataa. Miezi sita iliyopita nyanya zilikuwa adimu, na sasa ni msimu. Mzee amesafirisha mizigo maisha yake yote na angeuliza mara moja kama kilichopanda ni biashara yetu au ni nyanya. Waliorudi hawana utata huo, maana miezi yao mitatu yote imo ndani ya msimu uleule. Tukaiacha 1,900 peke yake pamoja na fedha iliyoingiza, shilingi 2,850,000, na ile ya kupanda tukaihifadhi kwa siku atakayoiuliza mwenyewe.

Ombi la fedha ndilo lililotugombanisha. Shemeji alipendekeza "kati ya milioni 50 na 200", ili tusimfungie mzee mlango. Shangazi alimtazama kama anavyomtazama mteja anayebonyeza kila nyanya halafu asinunue. Alisema anayetaja kiwango kinachoanzia 50 na kuishia 200 hajui anakwenda kununua nini, na atakayesikia viwango viwili atashika cha chini. Basi tukahesabu kutoka chini kwenda juu. Kreti 2,500 kwa shilingi 20,000 ni milioni 50. Kituo cha kuoshea na kutunzia kreti Ilula ni milioni 12, kwani kreti chafu hubeba uozo wa safari iliyopita. Mafuta, vibarua na usimamizi kwa miezi 12 ni milioni 18. Jumla milioni 80, na neno "shilingi" likaandikwa kwa herufi, maana shemeji aliwahi kusikia mtu aliyeandika namba tupu ikasomwa kuwa dola.

Zaidi ya hapo, ilibidi tuseme mzee anapata nini. Tulikuwa tumeliacha jambo hilo kwa kuona haya, na kilichoombwa bila kusema kinarudishwaje ndicho kinachoitwa mchango. Tulikubaliana asilimia 16 ya hisa, maana yake kampuni nzima, fedha zake zikiwamo, tunaithamini shilingi milioni 500. Shemeji alipiga hesabu pembeni, akatutangazia kwamba kwa thamani hiyo zile 50,000 za harusi tayari zimempatia mzee asilimia 0.01 ya kampuni.

Jioni aya ilikuwa imekaa hivi:

"Shikamoo mzee. Mfanyabiashara anayeleta nyanya kutoka Ilula hadi Ilala kwa matenga ya mbao hutupa takribani tenga moja katika kila kumi, kwa kuwa nyanya za chini hupondwa njiani; kwa matenga 20 anapoteza shilingi 80,000 kila safari. Tunamkodisha kreti za plastiki zinazomaliza tatizo hilo kwa shilingi 60,000. Tuna kreti 600. Mwezi uliopita zilikodishwa mara 1,900 na kuingiza shilingi 2,850,000, na kati ya wateja 31 waliolipa, 22 walikodi pia katika miezi miwili iliyotangulia. Tunatafuta shilingi milioni 80 kwa hisa asilimia 16: milioni 50 za kreti 2,500, milioni 12 za kituo cha Ilula na milioni 18 za uendeshaji, ili ndani ya miezi 12 tuwe na kreti 3,100 na mapato ya karibu shilingi milioni 14 kwa mwezi."

Nilipomsomea shangazi kwa sauti alinisimamisha mahali pamoja tu. "Zinazomaliza tatizo? Wiki iliyopita nimetupa nusu kreti." Tukafuta "zinazomaliza", tukaandika "zinazopunguza sana hasara hiyo". Ile milioni 14 aliihoji nayo, mpaka nilipomwonyesha kwamba ni kreti 3,100 zikikodishwa mara tatu kwa mwezi, yaani hata kidogo chini ya zinavyokodishwa sasa.

Niliituma saa 12 jioni, nikitanguliza ujumbe mfupi wa kuomba radhi na kufafanua kwamba hakuna anayeoa. Mzee alikaa kimya usiku mzima. Shemeji alishauri turudishe 50,000. Mimi nilikuwa nimeshanunua nazo mafuta ya Fuso.

Asubuhi jibu lilikuja: "Marahaba. Sasa nimewaelewa. Njooni Alhamisi saa 4 na daftari lenye hao 22, nitawapigia watano nitakaowachagua mwenyewe. Tukielewana, kumbukeni nimekwisha kulipa 50,000, kwa hiyo mnanidai 79,950,000."