Umeshukuru, lakini siku 60 umezikubali?

"Hoteli moja ya Arusha imenitumia LPO, yaani oda yao ya manunuzi, ya vitanda 40 vya mninga. Profoma yangu ya bei ilisema walipe ndani ya siku 30, LPO yao inasema 60. Nikawajibu: 'Tunashukuru sana kwa oda yenu, tumeipokea na tunaanza kazi. Kuhusu huo muda mrefu wa malipo, tunaomba tuuangalie pamoja.' Sasa mhasibu wao ananiuliza, nimekubali au nimekataa? Niwaandikie nini bila kuonekana sina shukrani?"

Mhasibu hajakuchokoza. Ana karatasi inayosema 60 na barua isiyosema kitu, na ni lazima aingize tarehe kwenye mfumo wake. Shukrani yako haina kosa lolote. Kilicholeta utata ni "tunaanza kazi" kukaa jirani na "tuuangalie pamoja". La kwanza linakubali, la pili linasita, na hakuna neno linaloonyesha wewe unataka siku ngapi. Mtu asiyeijua profoma yako angeweza hata kudhani ni wewe unayeomba muda urefushwe.

Kisheria jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinataka ukubali uwe kamili na usio na masharti. Profoma yako ilikuwa pendekezo la siku 30. LPO ya siku 60 haikulikubali pendekezo hilo. Ilileta jipya, na mpira ukawa kwako. Ukijibu "tunakubali, ila siku ziwe 45", hujakubali, umeleta pendekezo la tatu. Lakini kifungu cha 8 kinasema kutekeleza masharti ya pendekezo nako ni kukubali. Kwa hiyo fundi anayekata mbao, akapeleka vitanda na kusainisha hati ya kupokelea mzigo huku suala la siku likiwa bado linaelea, atapata shida kueleza baadaye kwamba hakuzikubali siku 60.

Ipo kesi ya Uingereza ya miaka ya 1970 ambayo mahakama za kwetu zinaweza kuisoma kama mwongozo, ingawa haizifungi. Kampuni ya Butler ilinukuu mashine kwa pauni 75,535, na nukuu yake ilikuwa na sharti la kuongeza bei gharama zikipanda. Mnunuzi, Ex-Cell-O, akatuma oda yenye masharti yake yasiyo na nyongeza hiyo, ikiwa na kipande cha chini cha kukata, kusaini na kurudisha. Butler wakasaini wakarudisha, wakaambatisha barua kwamba oda inaingizwa kwa mujibu wa nukuu yao. Baadaye wakadai nyongeza ya pauni 2,892 wakaikosa. Mahakama ya Rufaa iliona kuwa barua ile ilikumbusha tu mashine ipi na bei ipi, na masharti yaliyotawala ni ya mnunuzi. Barua yako ya asante inafanana mno na barua ya Butler.

Hapo ndipo wauzaji wanapogawanyika. Wapo wanaosema pokea oda kwanza, siku mtazungumza mkiwa mmeshafahamiana. Hoja yao si ya kipuuzi. Pendekezo jipya linaliua la zamani: katika Hyde dhidi ya Wrench, kesi ya 1840, mtu aliambiwa atauziwa shamba kwa pauni 1,000, akataka kutoa 950, akakataliwa, na aliporudi kuikubali ile 1,000 akaambiwa haipo tena. Ukiikataa LPO ya siku 60, hoteli iko huru kumpa kazi fundi mwingine, na mafundi wa vitanda hawajaisha mjini. Isitoshe, siku 60 zina sababu. Msimu mkubwa wa watalii kaskazini huanza Juni, na vitanda vinahitajika kabla ya hapo, yaani kabla ya fedha za wageni kuingia. Meneja manunuzi huenda hana ujanja wowote, anafuata tu kalenda ya biashara yake.

Wengine wanasema usiguse mbao mpaka siku zikae kwenye maandishi. Mimi niko upande huu, na kilichonivuta ni hesabu zaidi ya sheria.

Tuseme kila kitanda ni shilingi 600,000. Vitanda 40 ni milioni 24, na kama umesajiliwa VAT unaongeza asilimia 18, yaani 4,320,000, jumla 28,320,000. Tuseme pia umetoa milioni 20 kwa mbao, ufundi na usafiri, na fedha hizo umezikopa kwa asilimia 1.5 kwa mwezi. Siku 30 za ziada zinakula 300,000 kati ya faida ya milioni 4. Hilo si kubwa la kuvunja kazi, lakini ni 7,500 kwa kila kitanda, na profoma yako haikuzihesabu.

VAT ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu haisubiri mteja alipe. Ukipeleka mzigo na kutoa ankara tarehe 12 Mei, kodi hiyo inaingia kwenye ritani ya Mei, inayotakiwa kulipwa ifikapo 20 Juni. Unatoa kwanza kodi uliyolipa kwenye manunuzi, kama muuza mbao alikupa risiti ya EFD, jambo ambalo wewe unalijua kuliko mimi. Kwa siku 30, hoteli inalipa 11 Juni na unaikuta tarehe 20 ukiwa na fedha. Kwa siku 60, inalipa 11 Julai, na kodi umeitoa mfukoni wiki tatu kabla. Kwa 45 ni 26 Juni: unajikaza siku sita.

Halafu swali ambalo wewe na mhasibu wote hamjaliuliza: siku 60 kuanzia lini? Hoteli nyingine huhesabu kuanzia mwisho wa mwezi wa ankara. Ankara ya 12 Mei ikihesabiwa hivyo, siku 60 zinaanza 31 Mei na kuishia 30 Julai. Hizo ni siku 79 tangu ushushe mzigo. Wengine huanza kuhesabu siku ankara ilipogongwa mhuri na idara ya hesabu, na mhuri wenyewe unaweza kuchelewa wiki. Ukipambana kupunguza 60 hadi 45 bila kutaja mwanzo wa hesabu, unaweza kushinda namba ukaikosa fedha.

Je, unaweza kuuliza bila kuiua LPO? Unaweza. Katika Stevenson dhidi ya McLean, kesi ya 1880 kuhusu chuma, mnunuzi aliyepewa bei ya shilingi 40 kwa tani, fedha taslimu, alipiga simu ya maandishi kuuliza kama muuzaji angekubali kuleta kwa awamu za miezi miwili, au muda mrefu kiasi gani angeweza kumpa. Mahakama ikasema huko ni kuuliza tu, pendekezo la awali lilibaki hai. Tofauti iko kwenye sentensi. "Je, mnaweza kufikiria siku 45?" ni swali. "Tutafanya kwa siku 45" ni pendekezo jipya. Swali linakulinda usipoteze oda, ila halikulindi ukianza kazi kabla ya kujibiwa. Kwa kuwa una mbao za kununua, mimi ningekuandikia pendekezo, lenye milango miwili ili lisisomeke kama kukataa:

"Ndugu Meneja Manunuzi, tunashukuru kwa LPO yenu ya vitanda 40 na kwa kutuamini. Barua hii inafafanua na kuchukua nafasi ya ile tuliyowaandikia awali. Idadi, bei na tarehe ya kupeleka, 12 Mei, viko sawa kwetu. Kilichobaki ni muda wa malipo: profoma yetu ilisema siku 30, LPO inasema 60. Tunaelewa mnataka muda zaidi, na tunaweza kuwapa kwa njia mojawapo kati ya hizi. Ama siku 45 tangu tarehe ya ankara, bila malipo ya awali. Ama siku 60 tangu tarehe ya ankara, mkitanguliza asilimia 40, yaani 11,328,000. Tafadhali tutumieni LPO iliyorekebishwa kwa njia mtakayochagua ifikapo 17 Aprili. Tutaanza kukata mbao siku tutakayoipokea."

Shukrani imekaa mwanzoni, imetaja inachoshukuria, kisha ikanyamaza. Haijarudi mwishoni kulainisha, maana "tunashukuru tena kwa oda" chini ya barua ndiyo inayompa msomaji ruhusa ya kuchukulia kwamba yameisha. Kumbuka tu kwamba ukichukua malipo ya awali, VAT ya kiasi hicho inakudai tangu ulipokipokea, pamoja na risiti yake ya EFD.

Barua hii ina mpaka wake. Kama mhasibu ameshaisoma ile ya kwanza kama kukubali, na ana hoja, basi mkataba wa siku 60 upo na wewe sasa unaomba marekebisho ambayo ana haki ya kuyakataa. Ndiyo maana nimeandika "inafafanua" na sijadai kwamba hukuwahi kukubali. Ukishikilia kwamba hukukubali wakati umeandika "tunaanza kazi", utashinda mabishano na kupoteza mteja, au utapoteza vyote viwili. Wakisema 60 ni 60, pima: laki tatu na wiki tatu za kubeba kodi, dhidi ya hoteli inayoweza kurudi mwakani kwa makabati. Wengine wangekubali, na nisingewalaumu, mradi hesabu ianze tarehe ya ankara.

Usikubali kurekebishiwa kwa simu, wala kwa ujumbe wa "sawa kaka, tumekuelewa" kutoka kwa meneja manunuzi. Anayelipa ni mhasibu, na yeye hulinganisha karatasi tatu: LPO, hati ya kupokelea mzigo na ankara. Ankara yako ikiandika 45 wakati LPO kwenye mfumo bado inasoma 60, ankara itakaa kwenye faili mpaka siku ya sitini, na ukipiga simu utaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba wao wanafuata LPO. Basi LPO mpya ikifika, angalia tarehe yake, angalia siku zilizoandikwa na zinaanzia wapi, kisha andika namba ya LPO hiyo mpya, si ya zamani, kwenye ankara na kwenye hati utakayompa dereva wa Arusha.