Usipime kipande kabla hakijaguswa na maji

Nikiwa Limuru, baridi ya Julai ilinifanya nianze sweta ya sufu kwa pupa. Nilifuma kipande kidogo cha kupimia, mraba wa sentimita 7 hivi, nikaweka rula juu yake kikiwa bado kwenye sindano. Vitanzi 11 ndani ya sentimita 5, yaani 22 kwa sentimita 10, sawasawa na maelekezo. Kifua nilitaka sentimita 100, basi nikafuma vitanzi 220. Sweta ilinikaa vizuri hadi siku ya kwanza ya kufuliwa. Ilipokauka ilikuwa na kifua cha sentimita 110, na mikono ikanifunika vidole.

Kosa halikuwa la uzi. Uzi ule ulikuwa sufu iliyotengenezwa ili ifuliwe kwa mashine. Sufu ya kawaida ina magamba madogo yanayoshikana. Kiwandani magamba hayo huondolewa au hufunikwa ili nguo isigandane ikifuliwa, na ndiyo maana ikilowa, vitanzi huteleza na kutanuka. Kipande changu kingeoshwa, kingenionyesha vitanzi 20 badala ya 22, nami ningeanza na 200.

Siku hizi naanza na vitanzi 40 hivi kwa uzi kama huo, nafuma hadi urefu ufike sentimita 15. Watu huniona napoteza uzi. Lakini vitanzi vya pembeni havikai kama vya katikati: vingine hulegea, vingine hubanwa na ukingo. Nahitaji sentimita 10 safi za katikati. Halafu, ukipima sentimita 5 tu na kukosea nusu kitanzi, kosa huwa kitanzi kizima kwa kila sentimita 10. Kwenye kifua changu hiyo ni kama sentimita 4 au 5.

Kipande nakiosha jinsi nitakavyoosha sweta yenyewe. Kwa mkono, nakiloweka dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu, nakikamua kwa kukibana ndani ya taulo bila kukisokota, kisha nakilaza kwenye meza. Pini siweki: kipande kilichovutwa kwa pini kitakupa kipimo unachokitaka wewe, sio kile sweta itakachokupa. Hata kikishaonekana kikavu nakiacha usiku mmoja zaidi, kwa sababu ndani ya uzi huwa bado kuna unyevu, na sufu yenye unyevu hupimika ndefu kuliko ilivyo. Asubuhi nahesabu mahali patatu, na nusu kitanzi naihesabu pia.

Mistari nayo nahesabu, maana urefu wa mkono unatoka hapo.

Kipande sikifumui hadi sweta iishe. Mara moja uzi uliniishia nikiwa kwenye kola, nikakifumua nikamalizia nacho.