Picha ya nota haioneshi unapokwama

Wiki iliyopita kijana mmoja anayepiga kinanda kwenye kwaya huko Kaliua alinitumia picha ya ukurasa wa nota, na chini yake maneno machache: "Shikamoo mwalimu, naomba msaada." Basi.

Picha kama hizi huwa nazipokea hapa Tabora, na naona walimu wengi tunakosea kwenye jibu. Tunaangalia flati zilivyojazana mwanzoni mwa mstari, tunajibu, "Weka transpozi, piga kwenye C," yaani abonyeze kitufe kinachohamisha sauti ya kinanda, apige kama hakuna flati. Au tunarekodi wimbo mzima na kumtumia auige. Wakati hatujajua anakwama wapi. Karatasi inaonesha wimbo tu, haioneshi shida ya mpigaji.

Picha yenyewe ilikuwa ya ukurasa wa pili. Flati tatu zilionekana, kwa sababu hizo hurudiwa kila mwanzo wa mstari: B, E na A, maana yake do ni E flati. Alama ya mapigo haikuwepo, kwani huandikwa mwanzo wa wimbo tu, labda mapigo yabadilike katikati. Nikahesabu nota ndogo za mkia mmoja: sita kwa kila kipimo, zimefungwa tatu tatu. Hiyo ni sita kwa nane, yenye mapigo makubwa mawili. Zingefungwa mbili mbili ingekuwa tatu kwa nne.

Nikamwomba anirekodie sekunde ishirini tu, aanzie vipimo viwili kabla ya pale panapomsumbua, na akikosea asirudie. Sauti ilipofika nikasikia ngazi inapanda, do re mi, kimya kidogo, halafu fa so la. Nota zote zilikuwa sahihi. Akaniambia mwalimu wake wa kwaya humlaumu kwamba anachelewa pigo la pili, na yeye mwenyewe anaamini flati ndizo zinamchanganya.

Nikamwambia aweke transpozi juu kwa nusu hatua tatu, apige kipande kilekile kama kiko C. Mimi kitufe hicho nakipenda kwa kazi hii ya kupima. Sauti inatoka ileile ya E flati na mapigo ni yaleyale, kinachobadilika ni vitufe vilivyo chini ya mkono. Akapiga bila kusita hata mara moja. Kwa hiyo mapigo anayajua. Nikamtaka arudishe transpozi sifuri, aondoe mikono kwenye kinanda, anitajie nota za ngazi ile kwa sauti huku akigonga mguu. "E flati, F, G, A flati, B flati, C, D, E flati." Hakubabaika. Kwa hiyo flati nazo anazijua.

Vikabaki vidole. Nikamuuliza E flati anaigusa kwa kidole gani. "Gumba, mwalimu, kama kwenye C."

Kwenye C mkono wa kulia huanza kwa vidole 1, 2, 3, gumba likiwa 1, kisha gumba linapita chini ya kidole cha kati kwenda kushika fa. Ukianza hivyo kwenye E flati, gumba, ambalo ndilo fupi kuliko vidole vyote, linakaa juu ya kitufe cheusi, mkono mzima unavutwa ndani, kisha gumba hilohilo linatakiwa lipite chini lipande tena kitufe cheusi, A flati. Hapo ndipo kimya kilipokuwa, kati ya nota ya tatu na ya nne. Na katika sita kwa nane nota ya nne ndiyo pigo la pili. Mwalimu wake alisikia vizuri kabisa, ila alichosikia ni gumba lililochelewa kufika.

Nikamwandikia vidole vya ngazi hiyo: 3, 1, 2, 3, 4, 1, 2, 3. E flati inaanzwa na kidole cha kati, gumba linaangukia F, halafu C, vyote vyeupe. Aviandike kwa penseli juu ya nota, na kwa siku mbili za kwanza asipige ngazi nzima. Apige mivuko miwili tu, E flati kwenda F, na B flati kwenda C, polepole mpaka gumba lifike kabla halijahitajika.

Wapo watakaosema angeacha tu transpozi, kwaya ikaimba Jumapili. Ni kweli, ingepita. Lakini wimbo ule mbele unahamisha do, kutoka E flati kwenda B flati, bila pumziko lolote la kumpa nafasi ya kubonyeza kitufe. Na piano ya kawaida haina kitufe hicho.

Juzi kanitumia sauti nyingine. Kimya kimeondoka. Sasa anakimbilia nota ya nne, inafika mapema kidogo, na safari hii nimemwambia ni mapigo kweli: aache kinanda, apige makofi moja-mbili-tatu, nne-tano-sita, kisha anirekodie tena.